Neno la Mwakilishi wa Wafanyakazi, Sherehe ya Kufunga Mwaka, Njiro, Arusha

Mkurugenzi wetu mama, Meneja, wazee wangu wote wa yadi, shikamooni. Rika langu na wadogo zangu, mambo zenu? Wake, waume na watoto mliotusindikiza jioni hii, karibuni sana. Itifaki imezingatiwa. MC amenipa dakika kumi na naona ameshaanza kuangalia saa, kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Nianze na ambao hawapo. Saa hizi tunavyoongea, tuna gari mbili zimelala Seronera, moja iko Karatu, na kuna kijana wetu yuko Tarangire na familia ya wageni wanaotaka kuona tembo kabla ya Krismasi. Desemba yetu ndiyo ilivyo. Ofisi nyingi mjini zinafunga, wenzetu Wachaga wanapanda mlimani kuhesabiwa, sisi ndio kwanza wageni wa sikukuu wanashuka KIA. Kwa hiyo sherehe ya kampuni ya utalii haijai hata siku moja, lazima viti vingine vibaki wazi. Namshukuru Meneja kwa kukubali kwamba hao wenzetu wakirudi Januari wachinjiwe mbuzi wao pale pale yadi. Tuliliomba hilo kikaoni na hakubishana nasi hata kidogo.

Sasa uongozi. Nina mambo ya kushukuru mengi, lakini ningependa nikae kwenye moja, kwa sababu naamini ndilo lililotubeba mwaka huu. Masika.

Mnaikumbuka Aprili. Magari yote yamepangwa yadi, matope hadi getini, simu ya ofisini hailii. Kila mmoja wetu hapa ana jirani au ndugu anayefanya kazi hii hii ya utalii aliyeambiwa akae nyumbani bila mshahara mpaka Juni. Sisi tulikuwa tunasubiri zamu yetu, tusidanganyane. Watu walishaanza kuulizana nani ataanza kukatwa, jikoni au gereji. Ndipo mama akatuita wote chini ya ule mwembe. Hakutuma barua, hakumtuma mtu. Alisimama mwenyewe akatuambia wageni waliolipa amana ni wangapi, wa Julai ni wangapi, pesa iliyopo itafika mwezi gani. Akasema hakuna anayeondoka. Mwenye siku zake za likizo azichukue sasa wakati kazi hakuna, na waliobaki tuyafungue magari moja moja, springi, shokapu, busha, viti vishonwe upya, rufu zilizokuwa zinavuja zizibwe.

Mshahara wa Mei ulichelewa siku chache. Lakini tuliambiwa mapema kwamba utachelewa, na siku tuliyotajiwa ndiyo siku ulioingia. Mimi nina watoto shuleni, nawajua wazazi wenzangu humu. Ukiambiwa ukweli mapema unaenda kwa mwalimu unaongea naye, unapanga. Ukikaa kimya kusubiri meseji ya benki isiyokuja, hapo ndipo heshima ya mtu inapovunjika nyumbani kwake. Mama, ulitulindia heshima zetu. Ahsante sana.

Na michango ya NSSF. Najua si habari ya kupigiwa vigelegele kwenye sherehe, lakini mtu akienda kuangalia taarifa zake anaikuta michango yake, mwezi kwa mwezi, hata ya hiyo Mei. Wahasibu wetu wawili, ni ninyi. Tunawaona mara chache, siku tukiwaona tunataka pesa ya mafuta. Leo tunawaona kwa wema.

Niseme sasa juu yetu wenyewe, wafanyakazi.

Mgeni akimaliza safari yake anamkumbatia dereva. Ni haki, dereva ndiye aliyekaa naye siku saba, ndiye aliyemwonyesha chui juu ya mgunga wakati mgeni mwenyewe ameshakata tamaa. Lakini sisi tunaokaa yadi tunajua hiyo safari ilianzia wapi. Nitawapa mfano mmoja, wa Agosti, sizoni imepamba moto.

Gari imetoka Kogatende, wageni walikwenda kuangalia nyumbu wakivuka mto Mara. Imeingia yadi saa mbili usiku na springi ya nyuma imekatika. Na gari hiyo hiyo ilitakiwa hotelini saa kumi na mbili asubuhi, wageni wengine, Ngorongoro. Gari nyingine hakuna, zote ziko porini. Fundi mkuu alikuwa ameshavaa nguo za kwenda nyumbani. Akazivua. Akaingia chini ya gari na vijana wake wawili, na mlinzi wetu wa usiku, mzee wangu huyu hapa, akaacha kikombe chake cha chai akawashikia tochi. Mlinzi! Hakuna aliyemwagiza. Saa kumi alfajiri springi imekaa, na wakati huo mama yetu wa jikoni alikuwa ameshafika, anapanga lanchi boksi, kuku, mayai, ndizi, na kwenye boksi moja ameandika kwa kalamu kwamba huyu mgeni hali karanga. Kisha akawapelekea mafundi uji kule chini ya gari.

Kwenye saa tatu asubuhi gari iko geti la Lodoare, mtandao unasumbua, malipo hayasomi, foleni nyuma. Dereva anapiga simu ofisini. Dada yetu wa kuweka nafasi alikuwa kwenye daladala bado hajafika kazini. Alishuka njiani, akakaa kwenye benchi la muuza magazeti, akatafuta ile kontrol namba na risiti kwenye simu yake, akatuma. Wageni wakashuka kreta. Wakamwona faru. Wakaandika barua nzuri sana kumsifia dereva wao.

Ile barua ilisomwa kwenye kikao na dereva mwenyewe alisimama akasema, hii si yangu peke yangu. Mimi nilifurahi sana siku ile. Na toka hapo madereva wetu walikaa wakakubaliana, bila uongozi kuingia, kwamba kila tipu ikipatikana kuna kidogo kinakwenda kwenye kile kiboksi cha gereji na jikoni. Madereva, niseme mbele ya familia zenu: mmefanya jambo kubwa. Pesa ya tipu ni jasho lako, hakuna sheria inayokulazimisha uigawe. Mwezi wa tisa kijana mmoja wa gereji mtoto wake alilazwa, na kile kiboksi ndicho kilichofika hospitali kabla ya kitu kingine chochote.

Wake na waume zetu, nawashukuru kwa uvumilivu ambao hauandikwi kwenye mkataba wowote. Mtu anaondoka nyumbani Jumatatu, ukimtafuta Jumatano yuko Ndutu, simu haishiki. Mtoto ana homa unaamua mwenyewe. Sherehe ya ukoo unakwenda mwenyewe na kuulizwa mwenzio yuko wapi. Haya yote tunayajua, hata kama tukirudi tumechoka na hatusemi.

Tulimpoteza mwenzetu mmoja mwaka huu, wa idara ya usafi. Familia yake iko hapa, meza ile ya mbele, na tumefurahi mmekuja. Kampuni ilitoa gari mbili hadi Rombo na Meneja mwenyewe aliendesha moja, akalala kule, akashika jembe makaburini na sisi. Watu wa Rombo wanaliongea hilo mpaka leo. Meneja, ahsante, na familia, jueni bado mna watu wenu Arusha.

Nina ombi moja, na nalisema hapa hadharani kwa sababu mlinichagua nikae upande wenu, na kwa sababu najua uongozi huu unasikiliza. Sizoni inayokuja, dereva akitoka safari ndefu apate siku kamili ya kupumzika kabla ya kupewa wageni wengine. Barabara ya kutoka Serengeti hadi hapa ni ndefu, vumbi, na kuteremka lile bonde la Mto wa Mbu kunataka macho yaliyolala. Mwaka huu tumefika salama wote, Mungu ametusaidia. Tuombe tulipange sisi pia. Februari wageni wa Ndutu wakianza kuja kuona nyumbu wanazaa, tungependa ratiba iwe imeshakaa hivyo. Tuko tayari kukaa nanyi Januari, tulete mapendekezo yetu, mlete hesabu zenu, tukubaliane.

Upande wetu na sisi tunaahidi yaliyo mikononi mwetu. Gari ikirudi, ile fomu ya matatizo ya gari ijazwe usiku uleule, si asubuhi fundi akiwa ameshaitiwa gari nyingine. Mafundi waliniomba niliseme, na wana haki. Na redio koo za kwenye magari zitumike kusaidiana, kama mwaka huu gari yetu ilipokwama kwenye ule udongo mweusi na wenzetu wa kampuni nyingine wakageuza gari zao na wageni wao ndani wakaja kuivuta. Nasi tuwe watu wa kugeuza gari.

Vijana wanne mlioingia Juni, mliokuja kujifunza kazi, simameni tuwaone. Haya, makofi. Hawa wameosha magari usiku kucha bila kuitwa mara mbili, na wawili tayari wanajua ndege kuliko baadhi ya wakubwa zao. Wazee wa porini, wachukueni hawa mkae nao, waambieni mnayoyajua. Mambo mnayoyajua nyie hayako darasani.

MC, nimekuona, namalizia.

Ndafu imeshafika, harufu yake imenisumbua tangu nisimame. Utaratibu wetu kila mwaka ni mgeni rasmi kukata kwanza. Nimeongea na Mkurugenzi kabla ya kupanda hapa na amekubali kwa moyo mmoja. Mama yetu wa jikoni, mwaka mzima umetuwekea chakula kwenye maboksi, ukala mwisho, mara nyingi umesimama. Leo huhudumii mtu. Njoo mbele mama. Mkurugenzi atakushikia sahani, wewe unakata kwanza, unakula kwanza, ukiwa umekaa kwenye kiti hiki hapa. Vijana, mleteeni maji ya kunawa. Na wengine wote, vigelegele mpaka afike!