Kuhusu friji ya dukani

Wete, Pemba

Assalaam alaykum Bi Salma,

Uliniuliza kwa nini nimekuandikia vifaa viwili vya kuilinda friji, stabilaiza na varista, ilhali stabilaiza peke yake ni ghali. Kila kimoja kina kazi yake.

Umeme wetu ni wa volti 230. Jioni, majiko na feni zikiwashwa mtaa mzima, hapo dukani unashuka sana. Kompresa ikikosa nguvu ya kuanza, inanguruma tu, inavuta ampea nyingi na koili zinapata moto mpaka zinaungua. Stabilaiza inapandisha au kushusha volti, na umeme ukirudi baada ya kukatika inasubiri kama dakika tatu kabla ya kuiwasha friji, ili presha ya gesi itulie. Nunua yenye kuchelewesha hivyo. Isiyo na hilo mimi siifungi.

Lakini stabilaiza ni nzito kushtuka. Mshindo wa radi wakati wa masika unapita kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kabla swichi zake hazijageuka. Hapo ndipo varista inapofanya kazi: kwa volti za kawaida imejifunga, zikipanda ghafla inafunguka na kuumwaga umeme wa ziada ardhini. Kwa volti ndogo varista haisaidii chochote, na volti kubwa ya muda mrefu huiunguza yenyewe.

Nitaitanguliza varista, kisha stabilaiza. Varista inachakaa kila ikipigwa, kwa hiyo taa yake ikizimika niite. Waya wa athi nao lazima tuufukie upya, ule wa sasa umeliwa na kutu.

Fundi Haji