Amka, Mwenzangu, Cheza
(Wimbo wa mstarini asubuhi, skuli ya msingi, Pemba)

Kiongozi asimame juu ya kizingiti aonekane na wote. Mpiga ngoma aanze polepole, pa-pa-pá. Achaneni mkono mmoja kila mtu, na wenye shungi wazibane kwanza, maana kuna kuinama.

KIITIKIO (wote, makofi na kuruka papo hapo)
Amka, mwenzangu, cheza,
Jua limeshachomoza,
Viungo tunalegeza,
Na leo tunajifunza!

1.
Kiongozi: Jogoo katuamsha
Wote: Kokoriko! Kokoriko! *(viwiko vipige mbavuni kama mbawa)*
Kiongozi: Nyuso tumeshazikosha
Wote: Kokoriko! Kokoriko! *(kosha uso kwa viganja)*
Kiongozi: Na meno twayasafisha
Wote: Kokoriko! Kokoriko! *(kidole kipite menoni, kisha cheka meno yote nje)*

Kiitikio

2.
Kiongozi: Mkarafuu mrefu
Wote: Nyoosha, nyoosha, juu! *(ncha za vidole vya miguu)*
Kiongozi: Tunachuma karafuu
Wote: Nyoosha, nyoosha, juu! *(chuma kulia, chuma kushoto, tia pakachani)*
Kiongozi: Vuta hewa ya harufu
Wote: Mmmmh! *(pumzi ndefu puani, mikono ishuke taratibu)*

Kiitikio

3.
Kiongozi: Ngalawa yaenda Wete
Wote: Haya, vuta! Haya, vuta!
Kiongozi: Piga makasia sote
Wote: Haya, vuta! Haya, vuta! *(kasia upande mmoja, kisha wa pili)*
Kiongozi: Twende mbio hadi twete
Wote: Haya, vuta! Haya, vuta! *(ngoma iongeze kasi, mbio papo hapo)*

Hapa msirudi kwenye kiitikio. Ngoma inyamaze ghafla. Ubeti wa popo ndio watoto wanaoungoja, basi usiharakishwe, hasa kwa wale wadogo wa mbele. Popo hawa hawapatikani kwengine ila Pemba, na mabawa yao yakikunjuliwa hupita mita 1.5. Usiku wako matundani, alfajiri wanarudi mitini kulala kichwa chini, wakati sisi ndio kwanza tunatandika vitanda.

4. *(kwa kunong'ona, wote wameinama, mikono imejikunja kifuani)*
Kiongozi: Popo wa kule Kidike
Wote: Popo lala, sisi juu!
Kiongozi: Walale, wapumzike *(yumba kidogo, kama upepo unatikisa tawi)*
Wote: Popo lala, sisi juu!
Kiongozi: Sisi sote... *(ngoma ivume, mabega yaanze kupanda)*
Kiongozi: ...TUAMKE!
Wote: Popo lala, SISI JUU! *(ruka, kunjua mabawa yote!)*

Kiitikio mara mbili, kwa sauti ya kufika barabarani.

5. *(mguu wa kushoto, wa kulia, papo hapo)*
Madarasa yatungoja,
Mstari uwe mmoja,
Twende sote kwa pamoja,
Kushoto, kulia, moja!

Rudieni mara tatu, kila mara sauti ikipungua. Ya tatu midomo tu ndiyo icheze na nyayo zisisikike mchangani. Darasa la kwanza ndilo linaloanza kuingia.