Zoezi la Nne: Upatanisho wa Ngeli katika Vivumishi na Vitenzi

Karatasi hii ni ya wanafunzi wa mwanzo ambao lugha yao ya kwanza ni Kiingereza, na ambao wamekwisha kujifunza ngeli tano: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I na I-ZI. Katika Kiingereza kivumishi hakibadiliki, kiwe kinasifu kitu kimoja au vitu mia. Katika Kiswahili nomino ndiyo inayotawala sentensi, na kivumishi pamoja na kitenzi huifuata.

Tazama sentensi hii: *Kikombe kidogo kimevunjika.* Hapa kiambishi *ki-* kinasikika mara tatu, na ndiyo sababu ngeli ya KI-VI hufundishwa mapema. Urahisi wake, hata hivyo, hupotosha, kwa kuwa mwanafunzi huanza kuamini kwamba kazi yake ni kurudia sauti ya mwanzo ya nomino. Linganisha na *Mti mrefu umeanguka*, ambapo kivumishi kina *m-* lakini kitenzi kina *u-*. Kwa hiyo, kabla ya kuandika lolote, jiulize maswali mawili kwa kutenganisha: nomino hii inadai kiambishi gani kwenye kivumishi, na inadai kipi kwenye kitenzi?

Sehemu ya kwanza. Andika upya kila sentensi, ukikamilisha maneno yaliyo katika mabano kwa kiambishi kinachofaa. Kumbuka kwamba baadhi ya vivumishi havitapokea kiambishi chochote.

1. Kisu (-kali) (-mepotea).
2. Mlango (-pana) (-mefunguliwa).
3. Dirisha (-chafu) (-mevunjika).
4. Mgeni (-refu) (-mefika).
5. Barua (-refu) (-mesomwa).
6. Shati (-eupe) (-mechanika).

Sehemu ya pili. Geuza sentensi zote sita ziwe katika wingi.

Sehemu ya tatu. Sentensi hizi zina mitego. Usiamini umbo la nomino kabla ya kufikiria maana yake.

7. Kiboko (-kubwa) (-nalala).
8. Vyura (-dogo) (-naruka).
9. Nyumba (-pya) mbili (-mejengwa).

Sehemu ya nne. Kamilisha kifungu hiki: Kitanda (-pya) (-meletwa), lakini miguu yake (-wili) (-mevunjika), na godoro (-zito) (-mechafuka).

Majibu na maelezo

Sehemu ya kwanza: *Kisu kikali kimepotea. Mlango mpana umefunguliwa. Dirisha chafu limevunjika. Mgeni mrefu amefika. Barua ndefu imesomwa. Shati jeupe limechanika.*

Katika sentensi ya tatu kivumishi hakina kiambishi, ilhali kitenzi lazima kiwe na *li-*. Aliyeandika "lichafu" amekihamishia kivumishi kiambishi cha kitenzi. Katika ya sita, shina linaanza kwa irabu, na hapo *ji-* hujitokeza na kuungana nayo kuwa *jeupe*. Sentensi ya nne na ya tano zina shina moja, lakini matokeo hayafanani: katika ngeli ya I-ZI sauti *n* hukutana na *r*, nayo *r* hugeuka *d*, tukapata *ndefu*. Katika ngeli hiyohiyo mashina kama *-kubwa* na *-chafu* hubaki yalivyo, na *-zuri* huwa *nzuri*.

Sehemu ya pili: *Visu vikali vimepotea. Milango mipana imefunguliwa. Madirisha machafu yamevunjika. Wageni warefu wamefika. Barua ndefu zimesomwa. Mashati meupe yamechanika.* Katika sentensi ya barua, nomino na kivumishi havibadiliki hata kidogo. Wingi unabebwa na *zi-* ya kitenzi peke yake, kwa hiyo asiyeiandika hajasema wingi.

Sehemu ya tatu: *Kiboko mkubwa analala. Vyura wadogo wanaruka. Nyumba mpya mbili zimejengwa.* Kiboko na chura wana umbo la KI-VI, lakini ni viumbe wenye uhai, na uhai hushinda umbo: upatanisho wao ni wa A-WA. Shina *-pya* lina silabi moja tu, ndiyo maana likapewa *m* katika ngeli ya I-ZI.

Sehemu ya nne: *Kitanda kipya kimeletwa, lakini miguu yake miwili imevunjika, na godoro zito limechafuka.* Wengi huandika "kimevunjika" kwa sababu habari ilianza na kitanda. Kilichovunjika ni miguu, nayo iko katika wingi wa ngeli ya U-I, hivyo kitenzi kinachukua *i-*. Ikiwa ulikosea hapa tu, rudia kifungu ukipigia mstari mtendwa wa kila kitenzi kabla ya kuchagua kiambishi, kisha uwasilishe karatasi zote mbili mwanzoni mwa kipindi kijacho.