YAH: KUPANDA KWA ADA YA MWEZI, TIMU YA WATOTO NA VIJANA

10 Januari 2026

Ndugu wazazi na walezi,

Poleni na majukumu. Kamati ya klabu imeamua kupandisha ada ya mwezi kwa robo kuanzia tarehe 1 Februari. Yaani palipokuwa na nne, sasa patakuwa na tano. Ada haijaguswa kwa misimu mitatu. Najua wengine mtapokea habari hii mkiwa na mizigo mingine, kwa hiyo ni haki yenu kujua fedha zinakwenda wapi.

Sehemu kubwa ni uwanja. Tulikuwa tunaukodi saa mbili kwa wiki, sasa tunahitaji nne. Watoto wamefika 46, na mwezi wote wa Oktoba tulijaribu kuwabana pamoja ndani ya saa zile mbili. Wadogo waligongwa na wakubwa, wengine wakaishia pembeni wakitazama wenzao. Mtoto asiyegusa mpira hajifunzi mpira, na sipendi kuliona hilo tena. Mwenye uwanja naye amepandisha kodi.

Kisha mipira. Watoto 17 wamevuka miaka 12, hivyo wanaacha mpira namba 4 na kuanza namba 5, ule wa watu wazima. Ya namba 5 tunayo mitatu tu, na mmoja umeshashonwa mara mbili. Ada hiyohiyo ndiyo inayolipa waamuzi, usafiri wa mechi za ugenini na dawa za sanduku la huduma ya kwanza. Makocha na wanakamati tunajitolea; hakuna anayelipwa, na nyongeza hii haibadilishi hilo.

Jezi zinaendelea kutolewa na klabu. Viatu na vikinga ugoko ni vya mzazi, na vikinga naviombea mkazo: Sheria ya 4 ya soka inavidai, na mwamuzi hamruhusu mchezaji asiyevivaa. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja alikaa nje kipindi chote cha kwanza, machozi yakimtoka, kwa sababu hiyo tu.

Mwenye watoto wawili atamlipia wa pili nusu ada. Na ambaye nyongeza hii itamshinda, tafadhali usimzuie mtoto nyumbani. Nione baada ya mazoezi, hata kabla ya mwezi kuisha, tupange utakavyolipa kidogo kidogo. Maneno hayo yatabaki kwako, kwangu na kwa mweka hazina. Hakuna mtoto atakayerudishwa kwa sababu ya ada.

Tutakutana uwanjani Jumamosi tarehe 24 Januari, saa 4 asubuhi, watoto wakiwa mazoezini. Mweka hazina atakuja na daftari la mapato na matumizi pamoja na risiti zake. Lishikeni, likagueni, ulizeni. Mwenye njia ya kupunguza gharama, hasa za usafiri, aje nayo siku hiyo.

Wenu katika michezo,

Katibu wa Klabu