Muhtasari wa Zabuni: Ukarabati wa Nyumba ya Mawe, Mtaa wa Mkomani, Lamu, Iwe Maktaba ya Watoto

Kwa Kamati ya Tathmini ya Zabuni,

Kinachoimaliza nyumba hii ni simiti. Siku ya ukaguzi wa saiti tuliona ukuta wa kaskazini umepigwa lipu ya simiti hadi kimo cha kifua, na juu kidogo ya mpaka huo chokaa ya zamani inamomonyoka na kutoa unga mweupe wa chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe ya matumbawe yakibeba chumvi. Chokaa huyapa nafasi yakauke. Simiti huyafungia ndani, nayo hutafuta njia ya juu zaidi. Paa nalo linavuja karibu na mlizamu, na maji yake yanaingia moja kwa moja penye vichwa vya boriti. Tulipochoma boriti moja ya msana wa chini kwa bisibisi, iliingia hadi mpini.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi ianze kwa kuziba paa na kubandua simiti yote, ndani na nje, kisha kuta ziachwe wazi wiki 8 zikauke kabla ya kupigwa lipu ya chokaa. Muda wote wa kazi ni wiki 36. Tunajua muda ni sehemu ya alama zenu, na ratiba fupi ingetupendeza machoni penu, lakini lipu ikipigwa juu ya ukuta mbichi itabanduka, na kaunti italipia kazi ileile mara ya pili.

Chokaa tutaichanganya kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga, na kila mkono wa lipu utafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua na upepo visiukaushe haraka. Mchanga hatutauchukua Shela: vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya kisiwa. Utatoka bara, uvushwe kwa mashua kutoka Mokowe, uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha punda waufikishe hadi mlangoni, kwa kuwa vichochoro vya Mkomani havipitishi gari. Gharama ya safari hizo tumeihesabu kikamilifu katika orodha ya vipimo. Hakuna dai la nyongeza litakalokuja baadaye kwa sababu ya usafirishaji. Boriti mpya zitakuwa za mkoko, kutoka kwa wakataji wenye leseni ya Huduma ya Misitu ya Kenya.

Wasifu wa kampuni tulioambatisha una slaidi 24. Tunaomba mzisome zaidi slaidi za 6 hadi 11. Hapo mtaona nyumba nne za mawe tulizozikarabati Lamu na Pate, kila moja kwa picha za kabla na baada, pamoja na barua za wenyewe. Slaidi za 14 hadi 17 zinaonyesha madarasa tuliyojenga Malindi kwa matofali na zege. Ni kazi tunayojivunia, ila si ushahidi wa uwezo wetu kwa nyumba ya namna hii, na hatuombi alama kwa hizo. Mafundi wetu wa chokaa ni 9, wote wakazi wa Lamu. Fundi mkuu amefanya kazi hii miaka 27, na ndiye atakayeshughulikia zidaka za chumba cha ndani, ambazo tunataka zibaki na zitumike kama rafu za vitabu.

Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Hakuna ukuta, mlango wala daka litakalobadilishwa kabla ya michoro kuidhinishwa na Makavazi ya Taifa ya Kenya. Muda wa kusubiri idhini umo ndani ya zile wiki 36.

Cheti cha usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, cheti cha ulipaji kodi, dhamana ya zabuni na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu vimo katika Kiambatisho cha Kwanza. Bei yetu imo kwenye bahasha ya fedha, kama mlivyoelekeza. Zabuni hii itakuwa halali kwa siku 120 tangu kufunguliwa.

Ombi letu moja ni kuhusu tarehe ya kuanza. Mkataba ukitiwa saini kabla ya mwisho wa Oktoba, simiti itabanduliwa Novemba na Desemba, kuta zitakauka kwa upepo wa kaskazi mpaka Februari, na lipu ya nje itakamilika kabla ya masika kuingia Aprili. Kazi za ndani zitaendelea mvua ikinyesha, na funguo tutawakabidhi Julai.