Inapangishwa: chumba, sebule na jiko Sinza Mori, Sh 350,000 kwa mwezi

Nyumba ni ndogo, nalisema hilo mapema ili asije mtu mwenye watoto watatu na seti ya makochi ya watu saba. Inamfaa anayeishi peke yake, au wawili wanaoelewana. Iko ghorofa ya pili, lifti hakuna, ngazi ni za zege na zina vyuma vya kushikia. Itakuwa wazi kuanzia tarehe 1 Agosti.

Chumba ni masta, kina mita 3 kwa 3.3. Kitanda cha futi tano kwa sita kinakaa vizuri na nafasi ya kupita inabaki pande zote mbili. Cha sita kwa sita kinaingia, ila mlango mmoja wa kabati la ukutani hautafunguka wote. Bafu na choo viko pamoja: choo cha kukaa, bomba la mvua, sinki dogo. Hita ya maji haijafungwa, ila waya wake umeshavutwa, ukitaka utaweka yako na siku ya kuhama utaondoka nayo. Chini ya sinki kuna kigae kimoja chenye ufa. Hakivujishi maji, na kinaonekana kwenye picha ya sita.

Sebule ndiyo inayoiuza nyumba hii. Ina mita 3.5 kwa 4, dirisha pana lenye wavu wa mbu na grili, na kibaraza cha kutosha viti viwili na kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi ni tulivu na ina ubaridi kidogo. Alasiri ni habari nyingine, maana dirisha linatazama magharibi, na kuanzia saa tisa hadi jua linapozama utahitaji pazia zito na feni. Feni ya dari ipo na inafanya kazi; kiyoyozi hakuna.

Jiko ni jembamba. Mtu mmoja anapika kwa raha, wawili watapishana kwa ubavu. Kuna sinki, kabati za juu na chini, na sehemu ya mtungi wa gesi wa kilo 15. Friji itabidi ikae sebuleni karibu na mlango wa jiko, na soketi yake ipo hapo.

Umeme una LUKU yako peke yako, huchangii na mtu. Maji ni ya DAWASA, na kama wenyeji wa Sinza wanavyojua, hayatoki kila siku. Tuna simtanki mbili za lita 5,000 zinazotumiwa na nyumba sita, na pampu inapandisha mpaka juu. Mgawo ukirefuka tunabana matumizi. Bili ya maji inagawanywa sawa kwa nyumba zote, na nakala inabandikwa ukutani pale chini ili kila mtu aione.

Kufika Barabara ya Shekilango ni dakika saba au nane kwa miguu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Hapo unapata daladala za Mwenge, na anayetaka mwendokasi anakwenda kituo cha Shekilango kwa bajaji au daladala. Njia ya kuingia kwetu ni ya vumbi na mvua za masika huacha madimbwi. Bodaboda na bajaji zinafika getini. Pikipiki utaiegesha ndani, lakini gari hapana: nafasi mbili zilizopo zina wenyewe. Genge, duka la dawa na mama lishe viko mtaa huohuo.

Nyuma yetu, nyumba ya tatu, kuna baa. Siku za kazi huisikii sana. Ijumaa na Jumamosi muziki unaingia chumbani mpaka usiku mkubwa, hata dirisha likifungwa. Kama usingizi wako ni mwepesi, lifikirie hili kabla ya kulipa.

Kodi inalipwa miezi mitatu mitatu, pamoja na amana ya mwezi mmoja inayorudishwa ukiondoka, baada ya kukagua nyumba pamoja. Mkataba ni wa mwaka mmoja wa maandishi, notisi mwezi mmoja kwa pande zote mbili. Taka na mlinzi wa usiku ni Sh 15,000 kwa mwezi, nje ya kodi. Rangi imepakwa mwezi uliopita. Mnyama wa kufuga asizidi paka.

Mimi ndiye mwenye nyumba, hakuna dalali na hakuna hela ya kuonyeshwa. Picha nimepiga kwa simu ya kawaida bila kupanua chochote, mbili kati yake saa kumi alasiri ili jua lionekane linavyoingia. Nitumie ujumbe hapahapa useme utakuja siku gani. Naonyesha jioni baada ya kazi na Jumamosi mchana kutwa, na anayetaka kuja Jumamosi saa nne usiku asikilize muziki mwenyewe, nitamfungulia geti.