Dokezo kwa Mjumbe Mpya wa Bodi: Kabrasha la Kikao cha Alhamisi

Kutoka: Katibu wa Kampuni, Dar es Salaam
Kwa: Mjumbe mpya asiye mtendaji

Karibu, Mama. Kabrasha lina nyaraka 11, kurasa 214. Usianzie ukurasa wa kwanza. Soma Na. 4, 6 na 7; nyingine utazipitia ukiwa kikaoni. Na. 9 ni picha za upandaji miti.

Tunachofanya: tunakodisha maghala mawili Barabara ya Nyerere, moja lenye vyumba vya baridi. Kodi tulikuwa tunatoza kwa dola. Tangu kanuni za mwaka 2025 zilipokataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani, ankara zetu zote ni za shilingi. Mkopo wetu bado ni wa dola. Shilingi ikishuka, rejesho linapanda na kodi inabaki palepale.

Sasa jambo lenyewe. Na. 4 (hesabu za robo mwaka) inasema wateja tunawadai shilingi milioni 640 tu. Na. 7 (mkaguzi wa ndani), kiambatisho cha pili, jedwali la mwisho, inasema milioni 910. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Menejimenti imeacha nje milioni 270 za wateja wawili wanaobishana nasi, zaidi ya siku 180 sasa, huku mapato yake yakiwa yamekwisha kuingizwa kwenye vitabu.

Mkataba wa mkopo unataka fedha za uendeshaji zisipungue mara 1.25 ya rejesho la mwaka. Leo tunahesabu bilioni 2.1 kwa rejesho la bilioni 1.6, yaani 1.31. Toa hizo milioni 270, unabaki na 1.14, na benki ina haki ya kudai mkopo wote. Uwiano huu haujaandikwa popote kwenye kabrasha. Nimeukokotoa mwenyewe na Mkurugenzi wa Fedha anajua.

Kwa hiyo Na. 6, ombi la bilioni 1.2 za majokofu mapya, lisipitishwe kabla ya Na. 7 kujadiliwa. Kwenye ajenda limetangulia. Mjumbe yeyote anaweza kuomba mpangilio ubadilishwe; Mwenyekiti hakasiriki, ila ombeni mapema, kabla ya kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita.

Moja linakuhusu wewe. Benki uliyostaafu ndiyo iliyotukopesha. Jaza fomu ya maslahi iliyo nyuma ya Na. 1, pensheni na hisa zote, hata chache. Ukishatamka, Bodi ndiyo itaamua kama utatoka nje wakati wa mjadala wa mkopo.

Akidi ni wajumbe watano kati ya saba, na mmoja amesafiri. Kikao ni saa 3:00 asubuhi, ofisini Vingunguti. Foleni ya asubuhi unaijua. Dereva atakufuata Mikocheni saa 12:30. Jumatano mchana nipo ofisini, tukae na Na. 7 pamoja.

Katibu wa Kampuni